Hesabu Ikipishana kwa Moja: Kulisaka Kosa la Lupu kwa Orodha Fupi

Malalamiko huja kwa sura tofauti. Mmoja anasema mwanachama wa mwisho hayumo kwenye ripoti. Mwingine anasema programu inakufa ikikaribia kumaliza. Wa tatu printa yake inatoa karatasi tupu mwishoni, lakini si kila siku, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi. Ukifungua programu zao unakuta ugonjwa ni mmoja: lupu imeanza hatua moja mbele, au imeishia hatua moja nyuma, au mtu amehesabu nguzo pale alipotakiwa kuhesabu nafasi kati ya nguzo.

Hilo la nguzo si fumbo. Uzio wa mita 30 wenye nguzo kila baada ya mita 3 unahitaji nguzo ngapi? Wengi watajibu 10. Nafasi ni 10, nguzo ni 11. Fundi aliyenunua nguzo 10 atarudi dukani, lakini programu iliyohesabu 10 itaendelea na kazi kimya kimya.

Mifano ya hapa imeandikwa kwa Python. Pale ambapo lugha nyingine inafanya tofauti nitasema.

## Kabla ya dalili yoyote: orodha ya 1, 10, 100

Usilisake kosa hili kwenye data yako halisi. Orodha ya watu 300 ina ncha mbili tu, na kosa limekaa kwenye ncha, kwa hiyo mistari 298 ya katikati inakuzuia kuona. Ifupishe orodha mpaka ibaki ncha peke yake. Jaribu orodha tupu, kisha yenye kitu kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Na kabla ya kuendesha programu, andika kwenye karatasi jibu unalolitarajia. Ukiliona jibu la kompyuta kwanza, macho yako yatalikubali.

Kwa orodha ya vitatu, mimi hutumia namba hizi siku zote:

```python
print(jumla([1, 10, 100]))
```

Jibu sahihi ni 111. Ukipata 110, cha kwanza kimerukwa. Ukipata 11, cha mwisho ndicho kilichoachwa. 101 maana yake cha katikati kimepotea, 10 maana yake ncha zote mbili zimekatwa, na 211 maana yake cha mwisho kimehesabiwa mara mbili. Kila tarakimu inasimama kwa kitu chake, kwa hiyo jibu lenyewe linakutajia mgonjwa. Ukijaribu kwa `[5, 5, 5]` ukapata 10, unajua kimoja hakipo, lakini hujui kipi.

Na onyo moja mapema: usibandike `+ 1` kwa kubahatisha mpaka jibu likae sawa. Inaponya orodha uliyo nayo leo na kuharibu ya kesho. Rekebisha pale tu unapoweza kusema ni kitu gani kilirukwa na kwa nini.

## Dalili ya kwanza: kitu cha mwisho hakimo, au cha kwanza, na hakuna ujumbe wa kosa

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi. Jumla ya michango inapungua kidogo, au ripoti ya mwaka haina Desemba.

Anza na ukaguzi usiohitaji kufungua programu: toa jumla uliyopata kwenye jumla sahihi, kisha angalia tofauti inalingana na mchango wa nani. Ikiwa ni wa mtu wa mwisho kwenye orodha, nenda moja kwa moja kwenye mwisho wa lupu.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni `range`. Ukiandika `range(1, 12)` ukidhani umepata miezi kumi na miwili, umepata kumi na mmoja, kwa sababu `range` huanza na namba ya kwanza lakini haiifikii ya pili. Kwa miezi unahitaji `range(1, 13)`. Ndugu yake ni `range(1, len(michango))`, inayotoka kwa mtu aliyezoea kuhesabu kuanzia moja. Huyo anamruka wa kwanza, maana indeksi za Python huanzia sifuri. Orodha ya kitu kimoja inalinasa hili papo hapo: `range(1, 1)` haina kitu ndani, kwa hiyo jumla ya `[500]` inatoka 0.

Kinachofuata ni mabaki ya lugha nyingine. Kwenye Java au C mtu anaweza kuandika `i <= n - 1` na akawa sahihi kabisa. Akihamia Python anaibeba ile `n - 1` na kuandika `range(n - 1)`. Sasa mwisho umekatwa mara mbili: mara moja na yeye, mara moja na `range` yenyewe.

Kisababishi cha tatu hakipatikani kwa kukodolea macho mstari wa `for`, na kimewapotezea watu jioni nzima. Ni cha jumla ndogo za makundi. Una malipo yaliyopangwa kwa jina, na unataka kuchapa jumla ya kila mtu:

```python
sasa, jumla = malipo[0][0], 0
for jina, kiasi in malipo:
    if jina != sasa:
        print(sasa, jumla)
        sasa, jumla = jina, 0
    jumla += kiasi
```

Lupu imepita malipo yote, haijaruka hata moja. Lakini kuchapa kunafanyika jina linapobadilika, na baada ya mtu wa mwisho hakuna jina jingine la kuja kulibadilisha. Jumla yake imekokotolewa vizuri, ikabaki kwenye kumbukumbu, programu ikafunga. Ipe programu malipo ya mtu mmoja tu na haichapi chochote, na hapo huhitaji ushahidi mwingine. Dawa ni `print(sasa, jumla)` nyingine baada ya lupu, nje ya ujongezo. Kisha jaribu orodha tupu: `malipo[0]` inalipuka, kwa hiyo weka ukaguzi wa orodha tupu mwanzoni kabisa.

Mwisho kabisa, kwa nadra zaidi, kinachopotea kiko katikati. Mara nyingi mtu anafuta vitu kwenye orodha ile ile anayoipitia. Anapokifuta kimoja, vilivyo nyuma vinasogea mbele nafasi moja, na lupu inapopiga hatua inaruka kilichosogea. Jaribu kufuta sifuri zote kwenye `[0, 5]`: utapata jibu sahihi. Jaribu kwenye `[0, 0]`: sifuri moja inabaki. Vyote ni vitu viwili, ila kimoja kinaficha kosa na kingine kinalitoa hadharani. Kwa hiyo unapojaribu kufuta, weka vinavyofutwa vikae bega kwa bega. Marekebisho ni kujenga orodha mpya ya vinavyobaki: `[x for x in orodha if x != 0]`.

## Dalili ya pili: programu inakufa na ujumbe wa indeksi

Kati ya dalili zote, hii ndiyo yenye huruma, kwa sababu inapiga kelele. Python itasema `IndexError: list index out of range`. Java inasema zaidi: `Index 3 out of bounds for length 3`. Soma zile namba mbili. Zikiwa sawa, yaani indeksi iliyoombwa ni sawa na urefu, karibu kila mara lupu imevuka ukingo kwa hatua moja.

Kwenye Java na C angalia kwanza kama kuna `<=` mahali pa `<`. Kwenye Python angalia kama ndani ya lupu kuna `orodha[i + 1]`. Mtu anayelinganisha kila kitu na jirani wa mbele hawezi kupita hadi kitu cha mwisho, kwa sababu cha mwisho hakina jirani wa mbele. Hapo `range(len(orodha) - 1)` ndiyo sahihi, na hiyo `- 1` ina sababu yake. Andika sababu hiyo kwenye maelezo ya pembeni, la sivyo mwenzako ataiona ni kosa na kuifuta.

Kama inakufa pale tu data inapokosekana, tatizo ni orodha tupu: mahali fulani kuna `orodha[0]` inayodhani lazima mtu awepo.

## Dalili ya tatu: namba ya kwanza ni ya ajabu, nyingine zote ni sawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili lilinipata mwenyewe na liligusa mifuko ya watu.

Nilikuwa napanga kwenye nyumba yenye wapangaji kadhaa na mita ndogo za maji, moja kwa kila chumba. Mama mwenye nyumba alikuwa anaandika usomaji wa mita kwenye daftari kila mwisho wa mwezi. Nikajitolea kumwandikia programu ya kutoa matumizi ya kila mwezi. Kazi yenyewe ni kutoa usomaji wa mwezi uliopita kwenye usomaji wa mwezi huu:

```python
def matumizi(usomaji):
    matokeo = []
    for i in range(len(usomaji)):
        matokeo.append(usomaji[i] - usomaji[i - 1])
    return matokeo
```

Chumba kimoja kilikuwa na usomaji wa namna hii: 100, 112, 127, 139. Programu ikatoa -39, 12, 15, 12. Nikaiona ile alama ya kutoa, nikafikiri nimegeuza mpangilio wa kutoa mahali fulani, nikafanya jambo ambalo hadi leo naona aibu kulieleza: nikaweka `abs()`. Ikawa 39, 12, 15, 12. Namba zote zikapendeza. Bili zikatoka.

Mpangaji wa chumba cha mwisho ndiye aliyekuja na daftari lake. Alikuwa ameandika mita yake mwenyewe. "Kaka, mita yangu imetembea uniti thelathini na tisa tu tangu nihamie. Hii yako inasema sabini na nane."

Sabini na nane ni thelathini na tisa mara mbili, na si bahati mbaya. Kwenye Python indeksi ya -1 si kosa, ni kitu cha mwisho kwenye orodha. Lupu ilipokuwa na `i` sawa na 0, `usomaji[i - 1]` ilikuwa `usomaji[-1]`, yaani 139. Ikatoa 100 kutoa 139, ikapata -39, ambayo ni matumizi yote ya kipindi kizima yakiwa na alama ya kutoa mbele. Kabla sijaweka `abs()`, jumla ya matokeo ilikuwa sifuri: -39, 12, 15 na 12 zinafutana kabisa, na ingekuwa hivyo kwa chumba chochote. Ningejumlisha tu ningeshtuka. Baada ya `abs()`, kila chumba kililipishwa mara mbili kamili.

Sasa tazama orodha fupi ingeniambia nini. Kwa usomaji mmoja, `[100]`, jibu la karatasi ni orodha tupu: mita ikisomwa mara moja huwezi kujua maji yaliyotumika. Programu inatoa `[0]`. Kosa limeshaonekana, na nimetumia namba moja tu. Kwa usomaji miwili, `[100, 112]`, karatasi inasema `[12]`, programu inasema `[-12, 12]`. Vitu viwili vimetoka pale palipotakiwa kutoka kimoja.

Usomaji ni nguzo, matumizi ni nafasi kati yake. Usomaji minne hutoa matumizi matatu, na ukitaka matumizi ya Januari hadi Desemba unahitaji usomaji 13, ule wa kwanza ukiwa wa mwisho wa Desemba iliyotangulia. Lupu ilitakiwa kuanzia moja:

```python
    for i in range(1, len(usomaji)):
        matokeo.append(usomaji[i] - usomaji[i - 1])
```

Ile ile `range(1, len(...))` iliyokuwa mgonjwa kwenye dalili ya kwanza, hapa ndiyo dawa. Umbo la mstari peke yake halikuambii kama ni kosa, lazima ujue unahesabu nini.

Kwa hiyo ukiona namba ya kwanza ya ajabu, kagua hivi: tafuta `[i - 1]` ndani ya lupu, kisha angalia `i` inaanzia ngapi. Ikianzia 0, umempata. Java ingekufa hapo hapo na ujumbe wa `Index -1`. C kwa kawaida haitakufa wala haitarudi mwisho wa orodha, itasoma chochote kilicho kwenye kumbukumbu kabla ya orodha, na namba itakuwa ya ajabu zaidi.

Pesa zilizozidi tulizirudisha kwa kukata bili za miezi iliyofuata. Yule mpangaji wa daftari alikuwa akiniita "fundi mita" mpaka nilipohama.

## Dalili ya nne: ukurasa mmoja umezidi au umepungua

Una risiti na unachapa 10 kwa kila ukurasa. Wakati mwingine risiti za mwisho hazichapwi. Wakati mwingine karatasi tupu inatoka. Wenye tatizo hili husema "inatokea siku moja moja", na hapo ujue ni kugawanya.

Kisababishi cha kwanza ni `n // 10`, inayotupa mabaki. Risiti 34 zinapata kurasa 3, na 4 za mwisho hazina pa kwenda. Mtu akiliona hilo anaandika `n // 10 + 1`, na 34 zinapata kurasa 4. Furaha yake inaishi mpaka siku ya risiti 40, zinapotoka kurasa 5 na ya tano ikiwa nyeupe pe.

Hapa usijaribu kwa ukurasa wa risiti 10. Punguza na ukubwa wa ukurasa wenyewe, uwe 3, ili uweze kuhesabu kwa vidole. Kwa risiti 0, 1, 2, 3 na 4, kurasa sahihi ni 0, 1, 1, 1 na 2. Fomula ya `n // 3 + 1` inatoa 1, 1, 1, 2 na 2. Inapatia kwa risiti moja, inapatia kwa mbili, inapatia kwa nne, na inakosa kwa sifuri na kwa tatu. Angalia basi: aliyejaribu kwa moja na mbili akaondoka, ameondoka na kosa lake mfukoni. Kila palipo na kugawa mafungu, orodha fupi haijakamilika bila sifuri, fungu lililojaa barabara, na fungu lililojaa likazidi kwa moja.

Fomula inayokaa sawa kote ni hii:

```python
kurasa = (n + k - 1) // k
```

`k` ni idadi ya risiti kwa ukurasa. Kwa `k` ya 3 unaongeza 2 kabla ya kugawa: mabaki yoyote yanasukumwa kwenye ukurasa unaofuata, lakini fungu lililojaa halisukumwi.

## Dalili ya tano: tarehe za ukingoni zimepotea au zimehesabiwa mara mbili

Likizo inaanza tarehe 5 na kuisha tarehe 12 Machi, siku zote mbili zikiwemo. Programu inatoa 5 kwenye 12, inapata siku 7. Ni siku 8. Kuligundua hili usihesabu vidole kutoka 5 hadi 12. Chukua likizo iliyo fupi kuliko zote, inayoanza tarehe 5 na kuisha tarehe 5. Mtu amekosa kazini siku moja, programu inasema sifuri.

Mbaya zaidi ni ripoti za mwezi zinazotoka kwenye hifadhidata:

```sql
WHERE tarehe BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'
```

`BETWEEN` inachukua ncha zote mbili, kwa hiyo inaonekana salama. Kama safu ya `tarehe` inabeba tarehe tupu, ni salama kweli. Ikiwa inabeba na saa, ile `'2024-03-31'` inasomwa kama saa sita kamili ya usiku, sekunde ya kwanza ya tarehe 31. Mauzo ya tarehe 31 asubuhi, mchana na jioni yote yamevuka mpaka. Wengine wakiligundua wanaandika `AND '2024-04-01'`, na sasa muamala uliofanyika saa sita kamili usiku unaingia ripoti ya Machi na ya Aprili pia.

Jaribu kwa mistari mitatu tu kwenye jedwali la majaribio: mmoja wa tarehe 31 Machi saa sita kamili usiku, mmoja wa siku hiyo hiyo alasiri, na mmoja wa tarehe 1 Aprili saa sita kamili usiku. Ripoti ya Machi itoe miwili ya kwanza, ya Aprili itoe wa tatu peke yake. Marekebisho ni kuuchukua mwanzo na kuuacha mwisho:

```sql
WHERE tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01'
```

Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili sasa ni namba moja, kwa hiyo hakuna kinachoanguka katikati wala kinachoingia mara mbili. Ndiyo mtindo wa `range` pia. Mholanzi Edsger Dijkstra aliutetea mwaka 1982 kwa hoja fupi: ukiandika hivyo, urefu ni mwisho kutoa mwanzo bila kuongeza chochote, na vipande viwili vinavyofuatana vinagusana pale mwisho wa kimoja unapolingana na mwanzo wa kingine. Mimi husoma sentensi ya mteja, "kuanzia tarehe 1 hadi 31", kisha kwenye programu naihifadhi kama tarehe 1 ya mwezi huu na tarehe 1 ya mwezi ujao. Kwenye skrini ya mteja naionyesha kwa lugha yake.

## Dalili ya sita: programu haimalizi

Kompyuta imeganda, feni inavuma. Mara nyingi ni `while` ambayo kwenye namba moja maalumu haisogei hata hatua.

Kisa maarufu ni cha tarehe 31 Desemba 2008. Vifaa vya kuchezea muziki vya Zune, vile vya gigabaiti 30 vya Microsoft, viliganda siku moja. Ndani yake kulikuwa na lupu ya kugeuza idadi ya siku tangu mwaka 1980 kuwa mwaka:

```c
while (days > 365) {
    if (IsLeapYear(year)) {
        if (days > 366) {
            days -= 366;
            year += 1;
        }
    } else {
        days -= 365;
        year += 1;
    }
}
```

Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, wenye siku 366. Siku yake ya mwisho `days` ilibaki 366. Ni zaidi ya 365, kwa hiyo lupu inaendelea. Mwaka ni mrefu, lakini 366 si zaidi ya 366, kwa hiyo hakuna kinachopunguzwa. Lupu inarudi juu na kuuliza swali lile lile, milele. Ushauri uliotolewa ulikuwa kuacha betri iishe na kuwasha tena siku iliyofuata.

Kinachonivutia ni kwamba hakukuwa na haja ya kuusubiri mwaka 2008. Mwaka 1980, ule wa kuanzia, nao ulikuwa mrefu. Mtu angeijaribu lupu hii kwa siku 365, 366 na 367 tu, ingemgandia mkononi kwenye jaribio la pili.

Ukaguzi wako basi: weka `print` ya namba zote zinazoshiriki kwenye sharti la `while`. Zikichapwa zile zile mara mbili mfululizo, tafuta tawi la `if` ambalo halibadilishi kitu. Kisha jaribu namba iliyo sawa na ukingo, moja chini yake na moja juu yake.

## Mahali pa kuacha na kuita mwingine

Kama bili au mishahara imeshatoka kwa hesabu mbovu, rekebisha programu kwenye nakala, usiguse hifadhidata inayofanya kazi. Mweleze mhasibu kabla hujaendesha chochote. Kusahihisha miamala iliyokwisha kufungwa ni kazi yake, na kwake kufuta mstari si kusahihisha.

Kama programu ni ya C au C++ na lupu imevuka ukingo wa orodha, na hasa kama inapokea data kutoka kwenye mtandao, mtafute mtu wa usalama wa mifumo. Mwaka 2002 matoleo ya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, kuanzia 2.0 hadi 3.0.2 yalikutwa na sharti lililoandikwa `id > channels_alloc` pale palipotakiwa `id >= channels_alloc`. Alama moja ya usawa ilikosekana, na hiyo ilitosha kumpa mtu mwenye akaunti njia ya kujipatia mamlaka makubwa kwenye mashine. Kosa la namna hii likionekana limepona baada ya kuongeza nafasi moja kwenye orodha, huenda limehamia tu mahali usipopaona.

Kama orodha za 0, 1, 2 na 3 pamoja na za ukingoni zote zinatoa jibu la karatasi, na data kubwa bado inakosea, acha kuisumbua lupu. Tafuta data chafu, au saa za kanda tofauti.

Na ukikuta `+ 1` ya mtu mwingine isiyo na maelezo, mwulize mwenyewe kabla ya kuifuta. Niliwahi kuiondoa moja iliyoonekana wazi kuwa kosa, na ripoti iliyokuwa sahihi kwa miaka ikapungukiwa na mstari mmoja. Kulikuwa na `- 1` ya makosa kwenye faili jingine, na hizo mbili zilikuwa zimefichana muda wote.